Kuchagua vito vya urithi: mzunguko wa kawaida au wa kurudi nyuma?

Chukua ndugu watatu wenye mafungu sawa na vito sita. Sonara mmoja avithamini vyote kwa bei ya kuuzia. Bei ya bima huwa juu mno. Tuseme thamani ni 900, 600, 500, 400, 200 na 100, na kila mtu anachukua cha bei kubwa kilichobaki.

Kwa mzunguko wa 1-2-3, 1-2-3 wanapata 1300, 800 na 600. Kwa 1-2-3, 3-2-1 wanapata 1000, 800 na 900. Wa kwanza akimlipa wa pili 100, wote wako sawa. Huu wa kurudi nyuma ndio bora.

Pete ya mama? Kila mmoja aandike kwa siri kito kimoja anachokitaka kama kumbukumbu, kabla ya kura ya kupanga nani aanze. Atakihesabu kama chaguo lake la kwanza, kwa thamani kamili.