Uzoefu wangu na huduma ya kusahihisha ripoti ya Kiingereza: herufi kubwa kwenye vichwa na vyeo

Nilipeleka ripoti ya kurasa 64 kwa kampuni ya kusahihisha prufu nikiagiza jambo moja tu, kwamba matumizi ya herufi kubwa yawe na mpangilio mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Ilirudi siku ya tatu, sarufi ikiwa safi kabisa, lakini nilipotengeneza upya orodha ya yaliyomo na kuviona vichwa vyote vimepangana, niligundua kuwa kazi imepita mikononi mwa watu wawili wasioafikiana.

Kichwa cha sura ya pili kilisomeka "Working with Farmers between Harvests", ilhali cha sura ya tano kilikuwa "Working With Traders Between Seasons". Hakuna kilichokosewa. Mwongozo wa uandishi wa APA huanzisha kwa herufi kubwa kila neno lenye herufi nne au zaidi, kwa hiyo "With" na "Between" zote hukua. Mwongozo wa Chicago, hadi toleo la 17, uliviacha vihusishi vyote kwa herufi ndogo hata vikiwa virefu namna gani, kisha toleo la 18 la mwaka 2024 likavikuza vyenye herufi tano na kuendelea, yaani "Between" ikue na "with" ibaki ndogo. Kwa hiyo kumwambia mhariri afuate Chicago bila kutaja toleo ni kumpa ruhusa ya kuchagua mwenyewe.

Ninachowasifu ni "Scaling Up Irrigation". Wengi hulidogosha "Up" kwa kuwa ni neno fupi, ila hapo ni sehemu ya kitenzi, si kihusishi, nao walilikuza ipasavyo. Vivyo hivyo "Is", ambalo lina herufi mbili tu lakini ni kitenzi.

Kwenye vyeo ndiko nilikosikitika. Kanuni waliyodai kuifuata hukuza cheo kinapotangulia jina la mtu na kukidogosha kinaposimama peke yake, lakini waliandika "the director" huku wakiiacha "the Programme Manager" katika aya ileile, pengine kwa sababu cheo kirefu huonekana rasmi zaidi. Ofisi nyingi, yangu ikiwemo, hukuza vyeo vya wakubwa wake popote vinapotajwa, jambo ambalo miongozo hiyo hailiafiki, na ilinipasa kuliandika kabla ya kuipeleka kazi.

Nilipowalalamikia walirekebisha bila kudai malipo mengine, baada ya mimi kuwatumia nusu ukurasa wenye jina la mwongozo, toleo lake na orodha ya vyeo vyetu tunavyovikuza. Safari hii nilitafuta "director" kwa kuwasha "Match case", nikaona limebaki dogo mahali pamoja tu, chini ya jedwali. Nawapa nyota tatu kati ya tano.