Tahadhari: Anakuuzia laini ya kumwagilia isiyofika mwisho, kisha anakuuzia pampu

Ndugu zangu wa Mombasa, hasa wenye bustani Bamburi, Kisauni na Nyali, kuna jamaa anatangaza mtandaoni "seti kamili" ya kumwagilia: paipu nyeusi ya plastiki, viungo vya meno, klampu na dripa, na kufunga ni bure. Bei yake iko chini sana ya hadiwea. Jina silitaji, na halitawasaidia kwa kuwa analibadilisha. Mtambueni kwa kazi yake.

Mteja wangu mmoja wa Bamburi, mama mtu mzima, aliniita baada ya huyo bwana kupita. Tangi lake limekaa kwenye stendi ya mita 3. Maji yakiwa juu mita 10 yanakupa presha ya baa 1 hivi, kwa hiyo pale chini ana baa 0.3 tu. Ni kidogo, lakini kwa dripa za kawaida yanatosha, mradi laini ipangwe kwa kuiheshimu hiyo presha.

Jamaa alifanya kinyume. Alitoa paipu moja ya milimita 16 kwenye tangi, akaizungusha ukutani mita 60 hadi kwenye mipapai, na dripa zote juu yake. Tena aliweka zile dripa zinazojirekebisha presha, ambazo nyingi hazifanyi kazi sawasawa mpaka zipate angalau baa 0.5. Mchicha ulio karibu na tangi ukapata kidogo, mipapai haikupata kitu. Hapo ndipo akasema, "Mama, tangi lako halina nguvu, bila pampu hutoboi." Na pampu alikuwa nayo kwenye buti ya gari! Fundi aliyeitwa kufunga dripa, pampu ameibeba ya nini?

Mama akalipa kwa M-Pesa, risiti hakuna. Pampu ile ndogo ilisukuma karibu mara kumi ya presha ya tangi, na usiku uleule viungo vikachomoka.

Niliokota tii moja nikaitazama. Jino moja tu ndilo lililokuwa limeingia kwenye paipu, na paipu yenyewe ilikuwa imepanuka, inang'aa, nyembamba kama puto. Hiyo ni alama ya moto: kiungo hakikuwa saizi yake, akaichoma paipu kwa kiberiti ili kiingie. Plastiki ikishavutwa hivyo haikumbatii tena meno. Klampu alikuwa ameikaza nyuma ya meno, mahali ambapo haishiki chochote. Isitoshe, aliziuza kama chuma kisichoshika kutu. Nikaweka sumaku: mkanda haukunasa, skrubu ikanasa papo hapo. Kwa hewa yetu ya chumvi, skrubu kama hiyo huoza kabla ya mkanda.

Kiungo kikiwa saizi sawa, unachovya ncha ya paipu kwenye maji moto kwa nusu dakika hivi, kisha unakisukuma kwa mkono, na kinakuwa kigumu kuingia mpaka meno yote yapotee ndani. Kikiteleza paipu ikiwa kavu, kirudishe dukani, maana klampu haitakiokoa. Itaikunja paipu tu na maji yatapita kwenye kunjo. Klampu inakaa juu ya meno, na unaikaza mpaka ishike, basi. Ukizidisha, mkanda unakata plastiki laini.

Pampu tuliiweka kando. Nilitoa paipu nene ya milimita 25 kutoka tangini mpaka katikati ya bustani, hapo nikaweka tii, na matawi ya milimita 16 yakaenda pande zote, kila moja si zaidi ya mita 15 na koki yake. Siri iko hapo katikati. Ukiilisha laini kutoka katikati badala ya mwisho, kila upande unabeba nusu ya maji kwa nusu ya urefu, na presha inayoliwa na msuguano inashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Dripa nilibadilisha zikawa za kawaida, zisizojirekebisha. Zinatoa polepole kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo mama anafungua tawi moja kwa wakati na kuliacha muda mrefu zaidi. Mipapai inapata.

Akija kwako, mwambie umlipe baada ya jaribio, kabla mtaro haujafukiwa na bila pampu. Fungueni tawi, wekeni kopo chini ya dripa ya kwanza na jingine chini ya ya mwisho, dakika kumi, halafu mlinganishe. Kopo la mwisho likiwa nusu ya la kwanza, mpangilio ni mbovu, na pesa ibaki mfukoni. Huyu wa Bamburi alipoambiwa arudi kurekebisha, simu yake ilizimwa, na lile tangazo likatokea tena kwa jina jingine, na picha zilezile.