Dawa ya chunusi: ya kupaka au ya kunawa?

Ukiomba benzoili peroksaidi kwenye duka la dawa hapa Mbeya, angalia kwanza asilimia iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwa chunusi za usoni, chaguo langu la kwanza ni jeli ya asilimia 2.5. Inapunguza chunusi zilizovimba karibu sawa na ile ya 10, ila haiunguzi ngozi kama hiyo. Kwa ngozi yetu nyeusi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ngozi ikiwashwa na kubanduka huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Paka kiasi cha punje ya njegere, uso mzima, si juu ya kipele tu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokausha midomo, anza siku moja ruka moja, na upake mafuta mepesi juu yake. Ikikuwasha hata hivyo, iache dakika tano hadi kumi kisha nawa. Subiri wiki nane kabla ya kusema haifanyi kazi.

Ya pili ni ya kunawa, ya asilimia 4 au 5. Kwa mgongo na kifua naiweka ya kwanza, maana nani atapaka jeli mgongo mzima kisha avae shati? Kosa la wengi ni kuipaka na kuisuuza papo hapo. Iache dakika mbili hadi tano, hesabu kwa simu, ndipo usuuze.

Jeli ya asilimia 10 naiweka mwisho. Usoni, usianze nayo.

Sasa taulo. Mdogo wangu alichagua ya kunawa akiamini haitaharibu nguo. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa ya baridi kali, akajimwagia mara mbili tu, akajifuta kwa taulo la bluu. Baada ya wiki mbili taulo lilikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa, mengi pale alipofutia nywele za mbele na chini ya kidevu, sehemu ambazo povu hubaki. Mama alililoweka kwa sabuni ya unga siku nzima, bure. Lile si doa. Dawa imeshaua rangi ya kitambaa, na hairudi.

Kwa hiyo pasha maji ili usuuze bila haraka, hasa kwenye nyusi na mstari wa nywele. Mwenye jeli, hata ikikauka, jasho la usiku huihamishia kwenye foronya. Sweta la shule nalo hupauka shingoni. Weka kwenye bajeti yako taulo moja jeupe na foronya mbili nyeupe, hata za mtumba pale Mwanjelwa. Nawa mikono kabla ya kugusa kitenge.

Uso ukivimba au ukitoka malengelenge, acha dawa uende hospitali.