Benki ya maswali ya Historia na Uraia: tagi zimenitia hasira, maswali sijui niseme nini

Jamani walimu wenzangu wa Mwanza, kama kuna mtu anakuja shuleni kwenu kuuza ile benki ya maswali ya Historia na Uraia yenye tagi za ngazi za ufikiri, msilipe. Au subirini kwanza nieleze, maana maswali yenyewe mengine ni mazuri kweli.

Nililipia muhula ulopita, hela yangu mwenyewe, kwa sababu jedwali la utahini linanimalizia usiku. Walisema kila swali lina tagi yake, kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, we unachagua tu idadi mfumo unatunga mtihani wenye uwiano. Nikatoa mtihani wa maswali 10: kukumbuka 3, kuelewa 3, kutumia 2, kuchambua 2. Nikafurahi, mwalimu wa taaluma akasaini, tukachapa.

Sasa nimekaa Kamanga nasubiri kivuko niende Sengerema, nasahihisha huku upepo unapeperusha karatasi, nafika swali la "Chambua sababu tano za Vita ya Majimaji". Mtoto wa kwanza: kodi, kulima pamba kwa lazima, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, imani ya maji ya Kinjikitile. Wa pili hivyohivyo. Wa kumi hivyohivyo, mpangilio uleule, mpaka maneno "ukatili uliokithiri" niliyoandika mimi ubaoni. Hapo hakuna aliyechambua kitu, wamemwaga daftari. Swali la kukumbuka limevaa nguo ya kuchambua, basi.

Nikarudia yote kumi na mwenzangu, kila mtu kivyake, mwongozo wa usahihishaji mkononi, tunaziba kitenzi kwa kidole tunajiuliza: mtoto aliyekariri daftari bila kuelewa anapata maksi zote? Akipata, ni kukumbuka. Yale mawili ya "chambua" yakaanguka, mawili ya "eleza sababu" nayo yakaanguka. Halafu kuna moja la Uraia zuri sana, mtendaji wa kijiji kamfungia mvuvi ofisini siku tatu bila kumpeleka polisi wala mahakamani, taja haki mbili zilizovunjwa, hilo wameliwekea kukumbuka eti kwa sababu limeanza na "taja"! Mtoto inabidi asome kisa, aone kilichotendeka, atafute haki inayohusika, huko ni kutumia kabisa. Hesabu ikawa kukumbuka 6, kuelewa 1, kutumia 3, kuchambua sifuri. Sifuri! Na jedwali lilishasainiwa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana hata shikamoo hakuna, ananiambia "Madam, vitenzi vya Bloom ni vya dunia nzima, wewe unafundisha au unabishana?" Nilinyamaza kidogo maana nilikuwa stafu na watu wananiangalia. Bloom na wenzake wa mwaka 1956 walipanga malengo ya kujifunza, orodha ya vitenzi ni ya kukusaidia tu kuandika, haijui jana nilifundisha nini darasani. Nikamwambia hivyo, akasema nibadilishe tagi mwenyewe, kitufe kipo.

Kweli kipo. Nimebadilisha maswali kama sitini, jioni mbili, bando langu. Wiki iliyofuata mfumo ukajisasisha, tagi zote zikarudi zilivyokuwa. Hapo ndo nililia, sio siri.

Lakini nisiwe mnafiki, vile visa vya Uraia bado natumia, vimetungwa na mtu anayejua vijiji vya huku, na mimi singeweza kutunga vingi hivyo. Kwa hiyo kama unataka maswali, lipa. Kama unataka uwiano, tagi andika kwenye daftari lako, na uhesabu kwa maksi maana swali moja la maksi 15 linazidi matano ya maksi mbilimbili.

Na hata tagi ya daftari ina kikomo. Nilitunga langu: Wahehe walipigana na Wajerumani miaka ya 1890 chini ya Mkwawa, mbona kwenye Majimaji ya 1905 hawakujiunga kama Wangoni? Ilikuwa kuchambua kwelikweli, mtoto mmoja akaandika kwamba walioshindwa juzi wanajua bunduki inafanyaje, mwingine akasema labda waliona faida kukaa upande wa Mjerumani, hakuna majibu mawili yaliyofanana. Tukasahihisha pamoja darasani, wakanakili. Sasa kwa mkondo ule limeshakuwa la kukumbuka, nimelikata na kalamu nyekundu nikaandika "Mkondo A washalijua", wakati kwenye mfumo wao hamna hata sehemu ya kuandika hivyo.