Risasi za .30-06 kwa miombo ya Tabora: ncha kali, ncha butu au kitako cha mashua?

Mmiliki halali wa raifo ya .30-06 anapoingia duka la silaha aghalabu hukuta paketi tatu zenye kichwa cha risasi cha uzito uleule, yaani greini 180 ambazo ni kama gramu 11.7, lakini zenye maumbo tofauti na bei tofauti. Mwongozo huu unazipanga kwa matumizi ya huku kwetu: kongoni, nyamera, korongo na swala pala katika miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua, ambako miti huzuia macho na mlengwa mara nyingi huwa chini ya mita 150, na mara chache, mtu akitokea kwenye mbuga iliyokauka, hufika mita 200 au kidogo zaidi. Kwa mazingira hayo, ya kwanza ni risasi ya ncha kali yenye kitako bapa, ya pili ni ya ncha butu, na ya tatu ni ile ya kitako cha mashua, ingawa hiyo ya tatu ndiyo ambayo muuzaji huisifu zaidi na kuitoza bei ya juu.

Yote yanayofuata yanamhusu mtu mwenye leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mwenye kibali cha kuwinda mnyama anayemfuata mahali anapomfuata. Wenye magobole hawahusiki hapa, kwa kuwa gobole hushindiliwa kwa mdomoni na halina magazini wala ganda la risasi.

Kabla ya kulipa, soma herufi za pembeni mwa paketi. RN ni ncha butu, ile iliyoviringana kama nusu tufe. PSP ni ncha kali yenye risasi laini iliyochungulia mbeleni, na kitako chake huwa bapa. BTSP ni kichwa laini chenye kitako cha mashua, yaani kitako kilichopunguzwa unene kuelekea nyuma. SP peke yake husema tu kwamba kichwa ni laini na hakisemi umbo la ncha, kwa hiyo omba ufunguliwe paketi uangalie kwa macho. Kitako hutaweza kukiona, kwa sababu kimezama ndani ya ganda, na hapo huna budi kutegemea maandishi.

Hewa huizuia risasi kwa njia mbili ambazo mnunuzi anafaa kuzielewa. Ya kwanza iko mbele: kichwa kinachokwenda kasi kuliko sauti, ambayo ni takriban mita 340 kwa sekunde, huikandamiza hewa na kuzaa wimbi la mshindo, na ncha butu huzaa wimbi zito zaidi kuliko ncha kali. Ya pili iko nyuma: kitako bapa huacha nafasi yenye hewa pungufu inayokivuta kichwa kurudi nyuma, na kitako cha mashua hupunguza mvuto huo kwa kuifanya nafasi hiyo iwe ndogo. Risasi ikiwa bado na kasi kubwa, sehemu kubwa ya hasara hutokana na ncha. Kadiri kasi inavyoshuka kuelekea ile ya sauti na chini yake, ndivyo kitako kinavyobeba sehemu kubwa zaidi ya hasara. Ndiyo maana ncha kali hulipa faida mapema, ilhali kitako cha mashua hulipa mbali sana.

Tuchukue mfano wa greini 180 zinazotoka mtutuni kwa mita 823 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa .30-06. Watengenezaji huandika uwezo wa kichwa kuipenya hewa kwa namba moja, na kubwa ndiyo bora; kwa kichwa cha kawaida cha uzito huu namba hiyo huwa karibu 0.24 kwa ncha butu, 0.42 kwa ncha kali ya kitako bapa, na 0.45 kwa ncha kali ya kitako cha mashua. Kwa hesabu ya namba hizo, kwenye mita 200 ncha butu imebaki na takriban mita 600 kwa sekunde, ncha kali ya kitako bapa mita 687, na ya kitako cha mashua mita 695. Nguvu inayobaki ni kama jouli 2,100 kwa ya kwanza, 2,750 kwa ya pili na 2,800 kwa ya tatu.

Sasa tuangalie kushuka, ambako ndiko kunakomkosesha mtu shabaha. Raifo yenye darubini ikilinganishwa kwa mita 100, kwenye mita 200 ncha butu hushuka kama sentimita 16 chini ya mstari wa macho na zile mbili za ncha kali hushuka kama sentimita 13. Kwenye mita 300 pengo linapanuka: ncha butu ni karibu sentimita 60, kitako bapa 47 na kitako cha mashua 46 au 47. Msomaji atambue kwamba tofauti kati ya vitako viwili, hata kwenye umbali ambao mwindaji mwenye busara wa Tabora hangeufyatulia, ni kama upana wa kidole, na mkono wa mtu aliyetembea tangu alfajiri hutikisika zaidi ya hapo. Kulipa ziada kwa ajili ya sentimita moja hiyo ni kununua kitu ambacho hutakitumia.

Kuna sababu nyingine ya kukiweka kitako cha mashua nafasi ya tatu. Katika vichwa vya bei ya kawaida, ambavyo ni kiini cha risasi kilichovikwa ganda la shaba bila kugandishwa pamoja, umbo hilo la nyuma lina sifa ya kuachia kiini kwa urahisi zaidi kichwa kinapogonga mfupa kwa kasi kubwa. Kwa umbali wetu mfupi, kasi kubwa ndiyo tuliyo nayo. Vichwa vilivyogandishwa au vilivyotengenezwa kwa shaba tupu havina udhaifu huo, lakini bei yake ni nyingine kabisa.

Upande wa kulisha, yaani namna risasi inavyotoka magazini na kuingia chemba, kitako hakina la kusema, kwa kuwa kimefichwa ndani ya ganda. Mambo yote yako kwenye ncha na kwenye urefu wa risasi nzima. Raifo nyingi za bolti za .30-06 zina magazini ya sanduku iliyopimwa kwa risasi yenye urefu usiozidi milimita 85 hivi, na historia yake inaeleweka: risasi iliyotangulia, ya 1903, ilikuwa na ncha butu ya greini 220, na ya 1906 ikaja na ncha kali ya greini 150, iliyopokewa baada ya Wajerumani kubadili ya kwao kwa mtindo huohuo. Ncha butu hubeba unene wake hadi mbele kabisa, kwa hiyo kiwandani huzamishwa zaidi ndani ya ganda ili isigonge mifuo ya mtutu, na risasi nzima huwa fupi. Katika magazini hiyo risasi fupi huwa na nafasi ya kucheza mbele na nyuma, na bolti ikisukumwa kwa ulegevu ncha yake pana inaweza kugota kwenye mteremko wa kulishia kabla haijainuka. Raifo yenye mteremko laini huivumilia vizuri sana, kwani mviringo huteleza pasipo kuchimba. Yenye mteremko uliokwaruzwa huikataa.

Ncha kali ina tatizo lake. Raifo inaporuka nyuma kwa kishindo, risasi zilizobaki magazini huchelewa kuifuata, na ncha zake hugonga ukuta wa mbele wa sanduku. Piga risasi tatu uwanjani, kisha itoe ya mwisho iliyobaki magazini uitazame: ncha ya risasi laini itakuwa imebonyea, pengine imepinda upande mmoja na kuacha doa la kijivu kwenye chuma. Wengi huitupa risasi hiyo kwa hofu. Kwa mita 150 kubonyea huko hakuleti tofauti ya kuonekana, na wasiwasi unafaa tu pale ncha inapokuwa imevimba upande hata inakwama ikiingia. Anayekerwa na jambo hilo anunue yenye kofia ndogo ya plastiki kwenye ncha, ambayo haibonyei kirahisi.

Ncha butu inapata nafasi ya kwanza katika hali mbili. Ya kwanza ni raifo ya zamani iliyochongwa mtutu na magazini kwa ajili ya vichwa virefu vya ncha butu, ambamo kichwa kifupi cha ncha kali husafiri mbali kabla ya kushika mifuo na shabaha hutawanyika. Ya pili ni nyati, ambaye kwa vyovyote haendewi na .30-06 bali na .375 au zaidi, na huko kichwa kigumu chenye mbele pana hupenya kwa kunyooka kuliko kilichochongoka. Ila kuna sifa moja ambayo ncha butu haistahili, ingawa utaisikia kwenye kila kambi: kwamba hupita katikati ya vijiti vya vichaka bila kupotoka. Hakuna umbo linalofanya hivyo kwa uhakika. Kijiti kilicho mita 30 mbele ya mnyama kinatosha kumjeruhi badala ya kumwangusha, na dawa ni kusogea hadi nafasi iwe wazi.

Onyo moja halina mjadala. Ikiwa bunduki yako nyingine ni ya mkono wa kukokota chini, kama zile za .30-30, yenye magazini ya bomba chini ya mtutu, usiweke humo risasi ya ncha kali ya chuma au ya risasi. Ndani ya bomba ncha ya risasi moja hukaa juu ya fataki ya ile iliyo mbele yake, na kishindo kinaweza kuifyatua humohumo. Bomba hutaka ncha bapa, au butu iliyoruhusiwa na mtengenezaji, au ile yenye ncha ya plastiki laini iliyoundwa mahususi kwa bunduki hizo.

Unaponunua, anza na paketi moja tu. Uwanjani, lisha risasi zote za magazini kwa mwendo wa haraka na kwa mwendo wa pole, mtutu ukielekea kwenye tuta, kisha kagua vichwa ambavyo hukuvifyatua: mkwaruzo mmoja mwembamba unaong'aa ni wa kawaida, bali unyoa wa risasi uliobaki kwenye mteremko, au alama ya kukatwa upande uleule kila mara, unaonyesha kwamba umbo hilo na raifo yako hazipatani. Piga makundi mawili ya risasi tatutatu kwa mita 100 ukiwa umeegemea. Yakikaa ndani ya sentimita 7 au 8, rudi dukani na namba ya toleo iliyopigwa mhuri kwenye paketi, ununue za toleo hilohilo kwa kadiri leseni yako inavyoruhusu.