Kabla ya kununua ruta, ziangalie taa zake kwanza

Intaneti ikikatika, swali la kwanza ni moja: tatizo lipo ndani ya nyumba au kwa mtoa huduma? Ruta nzuri hukujibu kwa taa zake. Tumepanga hapa aina tatu za ruta kwa kigezo hicho tu, siyo kasi wala bei.

Ya kwanza: ruta ya waya yenye taa ya intaneti ya rangi mbili. Mfano ni TP-Link Archer C6. Taa yake ya intaneti ikiwa kijani, huduma ipo. Ikiwa rangi ya chungwa, waya umechomekwa na una mawasiliano, ila intaneti haiji. Ikizima kabisa, waya umelegea, umekatika, au kifaa cha upande wa pili hakina umeme.

Chukua hali hii: taa za waifai zinawaka, simu inaonyesha mistari yote, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Wengi hukimbilia kubadilisha nywila. Usijisumbue, kwa sababu taa ya waifai husema tu kwamba ruta inarusha mawimbi. Haijui kama nyuma yake kuna intaneti. Tazama ile ya intaneti. Ikiwa chungwa na nyumbani una faiba, sogea kwenye kifaa cha faiba. Taa yake iliyoandikwa PON ikitulia kijani, mwanga unaobeba intaneti unafika na kifaa kimesajiliwa, kwa hiyo kagua malipo au mipangilio ya ruta. Iliyoandikwa LOS ikimulika nyekundu, mwanga haufiki: chunguza kama ule waya mwembamba umekunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati au umechomoka. Kama waya uko sawa, piga simu kwa mtoa huduma. Kuzima na kuwasha ruta hakutasaidia hapo.

Ya pili: ruta ya laini ya simu. Huawei B315 hubadili rangi kulingana na mtandao: samawati yenye ukijani ni 4G, bluu iliyokolea ni 3G, nyekundu ni kukosa mtandao, mara nyingi laini haisomeki au haijakaa vizuri. Taa za nguvu ya mawimbi ziko kando, na zina faida kubwa: utaisogeza ruta dirishani huku ukizitazama zikiongezeka. Imeshuka nafasi ya pili kwa kosa moja. Bando likiisha, laini bado imesajiliwa, na taa huweza kubaki samawati kana kwamba mambo shwari. Kagua salio kwanza.

Ya tatu: ruta za kusambaza waifai zenye taa moja, kama Deco M4. Ni nzuri kwa nyumba kubwa, ila nyekundu yake inakuambia kuna hitilafu tu. Kujua ni waya au huduma, lazima ufungue programu kwenye simu.

Dukani, omba iwashwe, subiri dakika mbili, kisha wachomeke kwenye tundu lake la intaneti waya unaotoka kwenye ruta nyingine isiyo na intaneti. Kwa aina ya kwanza, chungwa ndiyo unayoitaka.