Mashine ya Sukari Imesoma 16.8, Kumbe ni Embe

Karibuni tena. Leo mezani nina mashine ya kupima sukari nyumbani, ile ile niliyowaonyesha mara iliyopita, na pembeni yake embe dodo lililoiva mpaka chumba kizima kinanukia. Embe hili ni sehemu ya uchambuzi, subirini.

Shangazi yangu anatumia insulini, na mashine yake nilimnunulia mimi. Jumamosi moja kanipigia simu: "Mwanangu, kidude chako kimekufa. Asubuhi kimesoma 6.1, sasa hivi 16.8, na chakula cha mchana bado sijala!" Nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Anawamenyea wajukuu maembe. Na mikono je? Kajifuta kwenye kanga. Nikamwambia, shangazi, sindano iache hapo hapo, nenda kanawe kwa sabuni, jikaushe, upime kidole cha mkono wa pili. Ikaja 6.3. Dakika tano hazijaisha. Sasa sukari ya kwenye damu haiwezi kutoka 16.8 mpaka 6.3 kwa dakika tano, hata ungechoma insulini. Ile ya kwanza haikuwa damu yake peke yake, ilikuwa damu na embe.

Tuangalie stripu. Kwenye boksi wanajisifu kwamba inahitaji damu nusu mikrolita tu. Ni kidogo sana: mililita moja ya damu ingetosha vipimo 2,000. Kwa maumivu ya kidole ni neema, hilo siwanyimi. Lakini udogo huo ndio unaoleta balaa. Damu yenye sukari ya 6, yaani milimoli 6 kwa lita, ina glukosi kama gramu 0.1 katika mililita 100. Embe bivu lina kama gramu 2 katika gramu 100, yaani karibu mara 20. Kwa hiyo juisi sehemu moja ikiingia kwenye damu sehemu 20, kipimo kinakaribia kuwa mara mbili. Na juisi ikikauka kidoleni, maji ndiyo yanayoondoka, sukari inabaki pale pale kwenye mikunjo ya ngozi, huioni wala huisikii. Ukijitoboa, tone la damu linaiyeyusha, stripu inavuta vyote. Kimeng'enya kilichomo ndani yake hakijui glukosi ipi imetoka mwilini na ipi imetoka sokoni.

Haya, tufanye. Nimenawa, nimekauka: 5.4. Sasa namenya... ona inavyotiririka mpaka kwenye kiwiko. Najifuta kwa kitambaa kikavu, nangoja kidole kikauke. Ukikitazama ni kisafi kabisa. Natoboa. 13.9! Sijalamba hata kipande.

Najua kuna anayesema, "mimi natumia pamba ya spiriti." Nami nilidhani hivyo. Kidole kingine chenye embe, nasugua na spiriti, nakiacha kikauke, napima: 8.7. Imepungua, lakini bado ni uongo. Spiriti inaua vijidudu, ila glukosi haiyeyuki vizuri kwenye pombe, na kile kipamba kinaisambaza zaidi ya kuiondoa. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walijaribu kwa machungwa, zabibu na kiwi, na hata kusugua kwa spiriti mara tano hakukutosha. Maji ya bomba yalitosha. Nanawa sasa... 5.6.

Ila kausha! Kidole chenye majimaji kinazimua damu, na kipimo kinashuka chini ya ukweli.

Kuhusu kufuta tone la kwanza na kupima la pili: ukiwa safarini huna maji, na hujashika tunda wala kitu cha sukari, inakubalika. Ukiwa umemenya embe, usiitegemee.

Kinachonitisha zaidi ya 16.8 ni hiki. Chukua mtu ambaye sukari yake imeshuka mpaka 3.2, anatetemeka, jasho linamtoka. Kala ndizi, kapima kwa vidole vile vile, mashine inamwambia 7. Anatulia, na huku anazidi kushuka. Kwa hiyo mwili ukisema hivi na mashine vile, nawa, toboa mkono wa pili, ndipo uamue. Lakini kama dalili za kushuka ni kali, sukari kwanza, kipimo baadaye.

Na mashine yenyewe? Viwango vya ISO vinairuhusu ikosee mpaka asilimia 15 kwa sukari ya 5.6 na kuendelea, kwa hiyo 6 kusomwa 6.8 ni kawaida yake. 6 kusomwa 16 ni kidole. Ukiishuku, tumia yale maji maalumu ya majaribio: namba ikiangukia ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kikopo cha stripu, mashine ni nzima. Naipa nane kwa kumi. Moja nimekata kwa bei ya stripu. Ya pili ni kwa sababu agizo la kunawa mikono wameliandika ndani ya kile kijitabu, kwa herufi ambazo shangazi haziwezi hata akivaa miwani.